Duara la Manjano la Kanyangi

Niliusikia mtambo wa kuchimba kisima kabla sijauona. Nilikuwa nimeshukia sokoni Kanyangi, kwa sababu njia ya kuingia shambani ilikuwa mchanga mtupu na mwenye pikipiki hakutaka kumwangusha mtu wa ofisi. Mlio ulinifikia kwanza kwenye nyayo, halafu masikioni: nyundo ya chuma ikigonga mwamba mbali chini, na kompresa ikinguruma juu yake bila kuvuta pumzi. Nikaufuata. Kwa kila hatua ulikua, na mimi nikakua nao, nikiwaza kwamba hivi ndivyo maji yanavyobisha hodi. Nilipofika kwenye ua wa minyaa, ukanyamaza.

Nilidhani wamepata maji. Nilikimbia hatua chache, kompyuta ikinigonga mgongoni.

Injinia wetu alikuwa amesimama kando ya mtambo, mikono kiunoni, viatu vimejaa tope la kijivu. Alikuwa msichana wa Mukuyuni, karibu rika langu, na sisi wa Kitui tulikuwa tukimtania kwamba watu wa Makueni wakikosa maji hukamua machungwa. Siku ile hakuna aliyetania.

"Mita mia na themanini," aliniambia. "Ndipo mkataba unapoishia. Maji yapo, lakini ya kujaza ndoo, si ya kulisha soko. Mtaalamu wa miamba anasema ufa wenye maji uko chini zaidi, pengine mita arobaini hivi. Kibali kinaturuhusu. Mtambo upo hapa. Kinachokosekana ni sahihi ya mkurugenzi kwenye nyongeza ya mkataba."

"Na mwenye mtambo?"

"Atangoja mpaka Jumatano. Ana kazi nyingine Tharaka. Akiondoka, kumrudisha ni miezi. Na hili shimo halijavalishwa mabomba, kuta zake ni udongo laini huku juu. Likiachwa wazi, linaporomoka."

Nyuma yake alikuwa ameketi mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo aliyekuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso. Shamba lilikuwa lake. Ili mtambo upite, alikuwa amekata ndengu zake zikiwa zimebakiza majuma machache kuvunwa, njia pana kama ya malori mawili, kutoka barabarani hadi pale. Shemeji zake walimcheka. Walimwambia watu wa miradi huja na kamera na huondoka na kamera. Aliwajibu kwa panga, akaanza kufyeka mwenyewe.

"Wewe ndiye unaandika?" aliniuliza.

"Ndiyo, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwetu, hata asiyekuzaa.

"Nionyeshe."

Nikafungua kompyuta juu ya mapaja yangu. Kazi yangu katika mradi ule ilikuwa moja tu: kila Ijumaa nitengeneze slaidi moja, ukurasa mmoja usiozidi, wa kuonyeshwa mkutanoni Jumatatu. Nilikuwa na riwaya nusu kwenye droo na marafiki waliojua kusifu sentensi, lakini kodi ililipwa na slaidi ile. Nikamwonyesha mama ya wiki iliyopita. Visima vitatu, mistari mitatu: Tulia, Kanyangi, Mukuyuni. Kila mstari na duara lake la rangi. Kijani, kazi inakwenda kama ilivyopangwa. Manjano, kuna tatizo lakini sisi wenyewe tunaliweza. Nyekundu, hatuwezi kuendelea mpaka mtu wa juu yetu aamue. Chini ya hapo vikwazo, kila kimoja na jina la mwenye kukishughulikia. Na chini kabisa, sanduku la maamuzi yanayohitajika: nini kiamuliwe, nani aamue, kabla ya siku gani.

Aliitazama kwa muda. "Basi sisi ni nyekundu," alisema.

"Nyekundu," alisema injinia.

"Na hapo kwa sanduku utaandika Jumatano."

"Nitaandika, mwaitu."

"Na ile karatasi ya ubaoni nitaiona."

Kila wiki nakala ya Kiswahili ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya chifu, ili watu wenye kisima wajue tunachosema juu yao. Nilimwahidi ataiona. Injinia alinisindikiza hadi sokoni, na kabla sijapanda pikipiki alinishika mkono. "Jumatatu nitakuwa Mukuyuni, tunapima pampu kuanzia alfajiri, siwezi kuacha mashine nije kwa mkutano. Usibadilishe neno."

*

Ijumaa nikiwa ofisini Kitui niliiandika. Nakumbuka jinsi ilivyokuwa, kwa sababu ni kitu cha kweli zaidi nilichowahi kuandika na hakuna aliyekisoma. Kanyangi: nyekundu. Kikwazo: kina cha mkataba kimekwisha, maji hayatoshi. Uamuzi: kuchimba hadi mita mia mbili na ishirini, au kufunga shimo na kutafuta mahali pengine. Mwamuzi: mkurugenzi. Mwisho: Jumatano saa sita mchana. Nikaandika pia kitakachotokea asipoamua: mtambo unaondoka, shimo linaweza kuporomoka.

Meneja wa mradi akaniita kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mzee wa kanisa, mwenye tabia ya kukupa kiti kabla ya kukunyang'anya kitu.

"Keti, mwiitu wakwa, binti yangu. Umeandika vizuri. Una kipaji." Aligeuza skrini yake kwangu. Duara jekundu lilikuwa katikati. "Lakini Jumatatu wafadhili wataingia kwenye mkutano. Mara ya kwanza. Unataka wakutane na hii?"

"Ndiyo hali, mzee."

"Hali ni kwamba tunaishughulikia. Mimi nitampigia mkurugenzi simu. Kinachoshughulikiwa ni manjano."

"Manjano ni kile tunachokiweza sisi. Hiki hatukiwezi."

"Nani atasimama?" aliuliza, na akatabasamu.

Hapo lazima nieleze desturi ya ofisi ile, kwa maana ndiyo iliyotumaliza. Mkutano wa Jumatatu ulianza kwa maombi, kisha slaidi ikawekwa ukutani, na mtu mwenye nyekundu alisimama. Wenye kijani na manjano waliketi. Meneja aliibuni mwenyewe, akasema inaleta uwajibikaji. Mwenye nyekundu alieleza akiwa wima, mbele ya wote, huku wengine wakiangalia viatu vyake, na mara nyingi aliulizwa maswali ambayo yangepaswa kuulizwa mahali pengine. Nilimwona mtu wa Tulia, mwanamume wa miaka hamsini, akisimama kwa ajili ya paneli za jua zilizokwama kwenye forodha, jambo ambalo mkono wake usingeweza kulifikia. Wiki iliyofuata aliweka manjano. Paneli zilikuwa bado forodhani. Tangu siku hiyo sikuona nyekundu tena ukutani, na meneja alihesabu hilo kuwa mafanikio.

"Injinia hayupo," alisema. "Utasimama wewe? Mbele ya wafadhili? Utawajibu mambo ya miamba?"

Nilikaa kimya. Nataka niwe mkweli hapa, maana hasira yangu ina njia nyingi za kunikwepa. Sikunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Nilijiona tu nimesimama, mikono haina pa kuwekwa, nikiulizwa kitu nisichokijua.

"Weka manjano," alisema. "Na hilo sanduku la chini, lainisha kidogo. Usimwamuru mkurugenzi. Huyo si karani wako."

Nikarudi mezani kwangu, nikalainisha. Na hapa ndipo ninapojichukia hasa: nilipolainisha, nilifurahia kazi. Nilifuta "mkurugenzi." Nilifuta "Jumatano saa sita." Nilifuta mtambo na kuta za udongo. Mahali pake niliandika: "Uongozi unaombwa kutoa mwelekeo kuhusu kina kinachofaa, ili safari ya Kanyangi kuelekea maji ya kudumu iendelee." Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa na mizani. Niliipenda hiyo "safari." Sentensi nzuri isiyo na mtu ndani yake wala siku, na mtu yeyote angeweza kuisoma, akaikubali, na akaenda zake bila kufanya lolote.

Nikabadilisha rangi. Kubadilisha rangi kunataka mibonyezo miwili tu.

*

Jumatatu tuliomba. Meneja aliomba kwa ajili ya mvua. Kisha slaidi yangu ikatokea ukutani, safi, maduara mawili ya kijani na moja la manjano katikati yake, na kwenye skrini ya pembeni nyuso za wafadhili na ya mkurugenzi, ambaye alikuwa Nairobi na alikuwa akila kitu.

"Nzuri sana," mfadhili mmoja alisema. "Unaelewa kila kitu kwa dakika moja."

Mkurugenzi aliangalia. Niliona macho yake yakishuka kwenye ukurasa, na niliyafuata kwa moyo wangu wote, mstari wa kwanza, wa pili, yakafika kwenye sanduku la chini. Yalikaa pale labda kwa pumzi moja.

"Hakuna nyekundu?" aliuliza.

"Hakuna, bwana mkurugenzi," alisema meneja.

"Kanyangi manjano. Mnaishughulikia?"

"Tunaishughulikia."

"Vizuri. Manjano nawaachia. Tuendelee."

Kanuni yao ilikuwa hiyo, na nilikuwa nikiijua: kijani hakiguswi, manjano yanaachiwa timu, muda wa wakubwa ni wa nyekundu peke yake. Ndiyo maana rangi zipo. Hakuna aliyedanganya pale ukutani zaidi kuliko mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaambia kwa rangi kwamba hawahitajiki.

Ningeweza kusimama. Kiti changu kilikuwa cha plastiki, hakikufungwa na kitu. Nilikuwa na mdomo. Nilikaa nikiangalia mkurugenzi akifuta vidole vyake kwa karatasi, na slaidi ikaondoka ukutani, ikaja ya mradi mwingine.

Baada ya mkutano nilimuuliza meneja kama amepiga simu.

"Nitapiga," alisema. "Leo ana wageni."

Jumanne nikamuuliza. "Usinisukume," alisema, bila kupandisha sauti. "Wewe kazi yako ni slaidi."

Jumatano saa kumi na moja jioni injinia alinipigia simu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na chuma kikigonga chuma.

"Wanakunja," alisema. "Nimewaomba mpaka nimechoka. Sahihi iko wapi?"

"Haijatoka."

"Mkurugenzi alisema nini Jumatatu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, rangi na sanduku na sentensi yangu. Nikasikia lori likiwashwa.

"Niliacha jina langu kwako," alisema. "Kwenye kikwazo kuna jina langu. Umeandika kwa jina langu kwamba ninaliweza."

"Meneja alisema..."

"Meneja hajui hata kuongeza ukurasa kwa kompyuta. Ni mikono yako." Akakata.

Ijumaa usiku mvua ilinyesha Kanyangi, mvua ile tuliyoiombea. Jumamosi injinia alishusha uzi wenye uzito ndani ya shimo. Uzi ulisimama mita thelathini na moja.

*

Jumatatu iliyofuata tulikuwa tumemaliza maombi na tumeketi. Sitasahau slaidi ile, kwa sababu Kanyangi ilikuwa bado manjano. Ijumaa nilikuwa nimeiweka nyekundu, na ilipofika Jumatatu mtu alikuwa ameirudisha. Kumbe meneja alijua kutumia kompyuta.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliingia mwenyekiti wa kamati ya maji, na viatu vyake vya kanisani, na leso ileile. Mkononi alikuwa na karatasi, pembe nne zina matundu ya pini. Alikuwa ameiondoa ubaoni kwa chifu, akapanda gari la alfajiri nayo.

"Mama, tuko mkutanoni," alisema meneja. "Karibu uketi pale nje, utaletewa chai."

"Sikujia chai." Alikuwa amesimama. Hakujua desturi yetu, hakujua kwamba kusimama mle ndani kulikuwa na maana, lakini kila mtu alijua na kila mtu aliangalia viatu vyake. Aliinua karatasi. "Nataka kujua nani aliweka hii rangi."

Kwenye skrini ya pembeni mkurugenzi aliinamia kamera. "Huyo ni nani?"

"Ni mwanajamii, bwana mkurugenzi," alisema meneja. "Tutamshughulikia."

"Mimi ni mwenyekiti wa maji Kanyangi," mama alisema, akiitazama skrini kana kwamba alimzoea mtu yule. "Shimo langu limeanguka. Ndengu zangu nilikata. Hapa mmeandika mnaliweza. Nimesoma mara nyingi, nikasema labda mimi ndiye sijui Kiswahili. Nani aliweka?"

Meneja alisafisha koo. "Mambo haya ni ya kitaalamu, mama. Ripoti inaangalia hali kwa ujumla..."

"Nimeuliza mtu. Sijauliza hali."

Nikasimama. Miguu yangu haikuwa na ushujaa, ilikuwa tu imechoka kukaa. "Mimi," nilisema. "Niliiandika nyekundu, nikaambiwa niibadilishe, nikaibadilisha. Na hilo sanduku la chini niliandika mimi. Lilikuwa na jina lako, bwana mkurugenzi, na siku ya Jumatano. Nilivitoa."

Mtu wa Tulia, yule wa paneli, alisimama pia. Alisimama tu, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, na kwenye mstari wa Tulia ukutani duara lake lilikuwa la kijani.

"Nani alikuambia ubadilishe?" mkurugenzi aliniuliza.

Nilimwangalia meneja. Alikuwa akipanga kalamu zake. Sikuhitaji kujibu.

"Kama ningeona Jumatano ningetia sahihi siku ileile," alisema mkurugenzi, na nilimchukia kwa urahisi wa hilo neno, ningetia, mtu ambaye macho yake yalikuwa yamepita juu ya sanduku lile huku akitafuna. Alikuwa na simu. Angeweza kuuliza, kina gani, lini. Hakuna aliyemzuia kuuliza juu ya manjano.

"Basi tia sasa," alisema mama.

"Si rahisi hivyo, mama. Mtambo umeenda Tharaka. Shimo lazima likaguliwe kwa kamera, pengine tutachimba jipya kando yake."

"Siku gani?"

"Tutaangalia ratiba."

"Siku gani," alirudia. Alinigeukia mimi. "Wewe si ndiye unaandika? Andika."

Nikafungua slaidi mbele yao wote, ukutani. Nikaweka Kanyangi nyekundu. Nikafuta safari yangu ya maji ya kudumu, herufi kwa herufi, kila mtu akiona. Niliandika: Uamuzi, kukagua shimo na kuchagua kati ya kulisafisha na kuchimba jipya kando yake. Mwamuzi, mkurugenzi. Nikaacha mahali pa siku wazi, kishale kikimetameta, mpaka mkurugenzi alipotaja tarehe. Ilikuwa mbali. Ilikuwa baada ya mavuno, ndengu za wengine zikiwa tayari kwenye magunia. Nikaiandika. Meneja alisema kwa sauti yake ya chini kwamba tungeweza kuandika "robo ijayo." Niliiacha tarehe.

Nikachapisha nakala. Mashine ilichukua muda wake. Mama alingoja akiwa wima, akaipokea ikiwa bado na joto, akaisoma kwa kidole: rangi, jina, siku. Kisha aliinyoosha ile ya zamani juu ya meza mbele yangu, ile ya manjano yenye matundu ya pini, akaiacha pale.

"Nilikuonyesha shamba langu," aliniambia. Sauti yake haikuwa na ukali. Ningependa ingekuwa nao.

"Nisamehe, mwaitu."

"Nitakwenda kubandika hii. Watu wataniuliza kuhusu hiyo tarehe, na mimi ndiye nitakayesimama hapo." Alikunja karatasi mara mbili, akaiweka kifuani ndani ya leso. "Ikifika bila mtambo, nitarudi."

Hakumuaga meneja wala mkurugenzi, ambaye alikuwa bado kwenye skrini na mdomo nusu wazi. Mimi na mtu wa Tulia tulikuwa bado tumesimama. Alipita katikati yetu, akafungua mlango, akatoka, na akaufunga nyuma yake taratibu, akiuvuta mpaka kitasa kikalia.